Barua inasema mkataba wangu unaisha 30 Juni na hautaongezwa. Nisaidieni kuisoma kabla sijatia sahihi

Nyar_Ahero · 10 Juni 2025, saa 2:14 usiku

Hamjambo wana jukwaa. Nafanya kazi Kisumu, karani wa takwimu katika mradi wa afya. Zamu zangu nyingi ni za kwenda zahanati za upande wa Ahero na Muhoroni kukusanya rejista. Mkataba wangu ni wa miaka 2, ulianza 1 Julai 2023. Jana Jumatatu, 9 Juni, niliitwa ofisini nikapewa barua. Imeandikwa kwa Kiingereza, nimeifasiri sehemu zenye uzito:

"Tunakujulisha kwamba mkataba wako wa muda maalum ulioanza tarehe 1 Julai 2023 utafikia kikomo tarehe 30 Juni 2025 na hautaongezwa. Utalipwa mshahara wa Juni 2025, pamoja na siku 10 za likizo ambazo hukuzitumia, yaani Sh17,333. Utapewa cheti cha utumishi. Malipo ya utumishi hayatolewi kwa kuwa wewe ni mwanachama wa NSSF. Malipo haya yatatolewa ukishakabidhi vifaa vya ofisi na kutia sahihi hati ya kukiri kwamba huna dai lingine lolote."

Mambo matatu yananisumbua. Barua ina tarehe 30 Mei, lakini mimi nimeipokea 9 Juni. Mkataba wangu unasema upande usiotaka kuendelea utatoa notisi ya maandishi ya mwezi 1 kabla ya mwisho. La pili, siku 10 za likizo sizielewi, kwa hesabu yangu ni zaidi. La tatu, msimamizi wangu ameniambia kwa mdomo nibaki hadi 11 Julai nimalizie ripoti ya robo mwaka na kumfundisha mwenzangu mfumo. Nimempenda huyu mama tangu siku ya kwanza na sitaki kumwachia kazi nusu, lakini barua inasema 30 Juni.

Hati ya kukiri sijaitia sahihi. Naomba ushauri wenu.

---

Kondele_Moja · saa 2:31 usiku

Dada pole sana. Hapo wamekosea vibaya na wewe uko juu yao. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi wa mshahara wa mwezi lazima apewe notisi ya siku 28. Kutoka 9 hadi 30 Juni ni siku 21. Maana yake notisi haijakamilika, na mkataba umejiongeza wenyewe kwa miaka mingine 2. Usitoke ofisini. Kaa kwenye kiti chako.

---

Mkulima_Matungu · saa 2:50 usiku

Nakubaliana na ndugu hapo juu, na mmesahau jambo moja. Kuna siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliofanya kazi. Sisi tulipopunguzwa kiwandani huku kwetu kwenye miwa tulidai hizo siku 15 na zilikuwa kwenye hesabu. Miaka yako 2 ni siku 30, mshahara wa mwezi mzima. Mbona barua haizitaji?

---

Mama_Rejista · saa 3:22 usiku

Mwanangu Nyar_Ahero, pole, na asante kwa kuweka maneno ya barua yenyewe. Nimekaa ofisi za rasilimali watu Nakuru zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, na barua za namna hii nimeandika nyingi. Ninajua zinapofichwa vitu na zinaposema kweli.

Nianze na kaka wa Kondele, kwa sababu ushauri wake ukiufuata utaumia. Zile siku 28 ni za kuvunja mkataba kabla ya wakati wake. Mkataba wa muda maalum una tarehe ya mwisho ndani yake, mliiandika nyote wawili siku ya kwanza. Ukifika tarehe hiyo unaisha wenyewe, hata bila barua. Mahakama ya Rufaa imesema zaidi ya mara moja kwamba mkataba wa aina hii haubebi haki wala matarajio kupita siku ya mwisho wake. Kwa hiyo haujiongezi kwa sababu notisi ilichelewa.

Lakini wewe una kifungu chako mwenyewe, cha mwezi 1, na hicho hakitoki kwenye sheria, kinatoka kwenye mkataba. Mwajiri akikivunja amevunja ahadi aliyoiandika. Nionavyo, unachoweza kudai ni fidia ya hiyo notisi, si kurudishiwa kazi. Sasa swali la kwanza ni hili: ulipopokea barua, ulitia sahihi wapi?

Mzee wa Matungu, siku 15 kwa mwaka ni za mtu ambaye nafasi yake imefutwa na mwajiri mkataba wake ukiwa bado unaendelea, kama mlivyopunguzwa nyinyi. Mkataba wa mwanangu umefika mwisho wake. Hapo siku 15 haziingii.

---

Nyar_Ahero · saa 3:40 usiku

Mama, asante. Nilitia sahihi kwenye daftari la kupokelea barua, na kwenye nakala yao. Kwenye nakala nilitia sahihi tu. Kwenye daftari karani wa mapokezi ndiye aliyejaza tarehe, akaandika 9/6. Nimekumbuka kwa sababu aliuliza leo ni tarehe ngapi.

---

Mama_Rejista · saa 3:48 usiku

Basi daftari hilo ni shahidi wako. Kesho omba kwa upole kupiga picha ya ule mstari. Halafu tuma baruapepe fupi kwa ofisi: "Nathibitisha kupokea barua yenu ya tarehe 30 Mei mnamo Jumatatu tarehe 9 Juni 2025." Usiweke lawama humo, sentensi hiyo inatosha. Wakinyamaza, nyamaza nawe. Baadaye kukiwa na ubishi, hawataweza kusema ulipewa 30 Mei.

Na wote mnaosoma hapa, ukipewa barua yoyote ya kazi, andika tarehe na saa kando ya sahihi yako kwa mkono wako. Nimeona watu wakipoteza mwezi mzima wa mshahara kwa kukosa kufanya hivyo.

---

Karani_Bungoma · 11 Juni, saa 12:55 asubuhi

Mimi nilikuwa mkataba wa miaka 3 upande wa serikali, na nilipomaliza nilipata kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi wa miaka yote hiyo. Dada, mbona barua yako haina kiinua mgongo? Naona hapo ndipo wanapokula.

---

Mama_Rejista · saa 1:20 asubuhi

Karani, wewe ulikuwa na hiyo asilimia 31 ndani ya mkataba wako. Si kila mkataba unayo, na sheria haimlazimishi mwajiri wa kawaida kutoa kiinua mgongo. Kilichomo kwenye sheria ni malipo ya utumishi kwa kila mwaka, na hayo hayatolewi kwa mtu aliye kwenye mfuko wa pensheni au NSSF. Barua imesema kweli hapo. Ila Nyar_Ahero, fungua akaunti yako ya NSSF uangalie kama makato yako ya miezi yote 24 yalifika. Mwajiri hawezi kujificha nyuma ya NSSF kama pesa alikata na hakuzipeleka. Na soma tena mkataba wako wote, neno "kiinua mgongo" huwa wakati mwingine liko kwenye kiambatisho.

---

Nyar_Ahero · saa 1:45 asubuhi

Mkataba hauna kiinua mgongo, nimeusoma hadi kiambatisho. NSSF miezi yote 24 ipo isipokuwa Mei na Juni 2025, ambazo naona bado hazijaingia. Sasa nieleze likizo. Mkataba wangu unatoa siku 21 za kazi kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nilichukua 15, mwaka wa pili nimechukua 11. Nilifikiri zimebaki 16. Wao wameandika 10. Nilipouliza, jibu lilikuwa: "Siku 6 za mwaka wa kwanza zilipotea Desemba, sera yetu hairuhusu kuzivusha." Mshahara wangu wa msingi ni Sh52,000 na marupurupu ya nyumba ni Sh8,000.

---

Mama_Rejista · saa 2:10 asubuhi

Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana hapa kuna pesa yako halisi.

Kwanza siku zenyewe. Miezi 24 kwa siku 1.75 kila mwezi ni siku 42, na wewe umetumia 26. Zimebaki 16, hesabu yako ni sawa. Sera ya kupoteza siku Desemba haiwezi kuishinda sheria. Sheria ya Ajira, kifungu cha 28, inataka zile wiki 2 za mfululizo zichukuliwe ndani ya mwaka ule ule, lakini salio unaweza kulichukua hadi miezi 18 baada ya mwaka huo wa likizo kuisha. Mwaka wako wa kwanza uliisha 30 Juni 2024. Ongeza miezi 18, unafika mwisho wa Desemba 2025. Siku zako 6 zilikuwa hai kabisa walipoziua.

Pili, thamani ya siku moja. Gawanya Sh17,333 kwa 10, unapata Sh1,733. Hiyo ni 52,000 gawanya kwa 30. Kwa hiyo wamefanya mambo mawili bila kukwambia: wametoa marupurupu ya nyumba, na wamegawanya kwa siku 30 za kalenda. Sheria inasema likizo ni ya malipo kamili. Ulipokwenda likizo zile siku 11 mwaka huu, mshahara wa mwezi ule ulipungua Sh8,000? Kama haukupungua, basi siku ya likizo ina nyumba ndani yake, na msingi wa hesabu ni 60,000.

Kuhusu kugawanya, mimi nilizoea 26 kwa wanaofanya kazi siku 6 kwa wiki na 22 kwa wa siku 5, kwa sababu likizo inahesabiwa kwa siku za kazi. Ukichukua likizo Jumatatu hadi Ijumaa unakatwa siku 5, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Sasa wakati wa kukulipa, wikendi zinaingiaje kwenye kigawanyo? Ila nikuambie ukweli, hapa majaji hawajakaa pamoja. Kuna hukumu zilizotumia 30, kuna za 26, kuna za 22.

---

Nyar_Ahero · saa 2:26 asubuhi

Mama, mshahara haukupungua. Hati yangu ya malipo ya Februari, mwezi niliokaa likizo wiki nzima, ina Sh60,000 kamili kabla ya makato. Nafanya kazi siku 5. Kwa hiyo siku 16 kwa 60,000 gawanya 22 ni Sh43,636. Kwa 30 ni Sh32,000. Wao wanasema Sh17,333. Nimekaa nayo hiyo hesabu mkononi na nimeshindwa kumaliza chai.

---

Kondele_Moja · saa 2:40 asubuhi

Nakubali nilikosea kuhusu mkataba kujiongeza, nimesoma tena. Lakini siku 28 nilizisikia kwa wakili, si kwamba nimezitunga. Dada dai zote 16.

---

Mama_Rejista · saa 2:58 asubuhi

Hukuzitunga kaka, ni za kweli, ila mahali pake ni pengine.

Nyar_Ahero, jiandae na kitu kimoja. Ukidai siku 16, wanaweza kujibu: "Basi nenda likizo kuanzia kesho." Kutoka leo hadi 30 Juni zimebaki siku 14 za kazi. Mwajiri ana haki ya kupanga likizo yako, na nyingi ya pesa hizo zitageuka kuwa mapumziko nyumbani. Si wizi. Lakini wewe wanakuhitaji hadi Julai, kwa hiyo sidhani kama watafanya hivyo.

Na hilo la Julai ndilo ninaloliogopa zaidi. Usikanyage ofisi tarehe 1 Julai bila karatasi. Ukiendelea kufanya kazi baada ya mkataba kuisha, na mwajiri anajua na anakubali, kuna hoja mahakamani kwamba mkataba umeendelea kwa masharti yale yale. Watu huiona kama mtego kwa mwajiri, na wanakaa kimya kwa makusudi. Mimi sikushauri. Kwa siku 9 za kazi za kukabidhi, jaji anaweza kusema ilikuwa kukabidhi tu, na wakati huo huo mhasibu atasema hana mkataba wa kukulipia Julai. Ukipata ajali ya pikipiki ukirudi kutoka Muhoroni tarehe 8 Julai, nani atasema ulikuwa mfanyakazi wake? Omba barua ya kuongezewa muda hadi 11 Julai kwa mshahara ule ule. Mwambie yule mama msimamizi wako kwamba unataka kumsaidia, na barua ndiyo itakayokuwezesha.

---

Waridi_Naivasha · saa 4:15 asubuhi

Samahani kuingilia. Mimi niko shamba la maua, miaka 4 sasa, mikataba ya miezi 3 mitatu. Ikiisha tunaambiwa tupumzike wiki 1 halafu tunatia sahihi mpya. Safari hii hawajaniita, na barua sijapewa. Hizo siku za likizo za miaka 4 ninazo? Mwenzangu anasema kila mkataba unafuta uliotangulia.

---

Mama_Rejista · saa 4:44 asubuhi

Mwanangu Waridi, kesi yako si ya huyu dada na sitaki kukupa jibu la haraka. Mwenzako hajasema kweli yote. Likizo huanza kuhesabika ukishamaliza miezi 2 mfululizo, kwa hiyo hata mkataba mmoja wa miezi 3 unakupa siku 5 na kidogo. Kama hizo wiki za mapumziko zilikuwa za kweli au za karatasi tu, hilo mahakama huliangalia kwa ushahidi: hati za malipo, kadi ya kuingilia getini, makato ya NSSF ya mwezi huo. Je, kuna wiki za "mapumziko" ambazo ulifanya kazi? Kusanya vyote uende kwa afisa wa leba Naivasha au Nakuru mapema. Dai la ajira lina miaka 3 ya kulifikisha mahakamani tangu lilipozuka, na siku zako za miaka 4 iliyopita zinazidi kupita.

---

Waridi_Naivasha · saa 4:52 asubuhi

Wiki mbili kati ya hizo nilikuwa kwenye nyumba ya kupakia maua, kabla ya Februari 14. Kadi ninayo. Asante mama.

---

Mkulima_Matungu · saa 6:05 mchana

Swali langu kwa Mama. Huyu dada akiahidiwa kwamba ataongezewa, bado hana la kusema? Mimi naona ahadi ni deni.

---

Nyar_Ahero · saa 6:30 mchana

Mzee umenikumbusha. Aprili mratibu alituandikia wote: "Mkipata muda, tumeni wasifu mpya, mradi ukipata awamu ya pili tutaendelea na timu hii." Awamu ya pili sijui kama imepatikana. Hilo linahesabika?

---

Mama_Rejista · saa 7:12 mchana

Linahesabika kama kuna msingi zaidi ya hapo. Matarajio halali yanahitaji ahadi iliyo wazi kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuitoa, au mwenendo wa mwajiri wa kuwaongezea watu kila mara. Baruapepe hii ina "ikiwa" ndani yake. Awamu ya pili ikipatikana, na nafasi yako ile ile akapewa mtu mwingine mwezi wa Agosti, hapo ningekwenda kwa wakili nikiwa na karatasi hii mkononi, na bado nisingekuahidi ushindi. Ihifadhi. Usiitaje kwenye barua yako ya sasa, itachafua mambo yaliyo wazi.

Na ile hati ya kukiri huna dai, usiitie sahihi kabla hesabu haijasahihishwa. Mahakama ya Rufaa imewahi kuwabana watu kwa hati kama hiyo waliyoitia sahihi kwa hiari yao wakielewa. Ukilazimika, andika juu ya sahihi yako: "Nimepokea kiasi hiki, ila dai la likizo na notisi bado liko." Cheti cha utumishi hakifungwi na hati hiyo. Ni haki yako kwa kifungu cha 51, na mwajiri anayekunyima anaweza kutozwa faini.

---

Nyar_Ahero · 18 Juni, saa 1:38 usiku

Wapendwa, nimerudi na majibu. Niliandika ukurasa mmoja, hesabu ya likizo nikaiweka kwenye mistari 4 na kuambatanisha hati ya malipo ya Februari. Leo nimejibiwa kwa maandishi.

Siku 16 wamekubali. Marupurupu ya nyumba wamekubali kuyaingiza. Kigawanyo wamekataa, wamesema wao hutumia 30 kwa wote, kwa hiyo ni Sh32,000 kabla ya makato. Barua ya kuongezewa muda hadi 11 Julai nimepewa, ina mshahara na ina bima. Notisi wamekataa kabisa. Wanasema tarehe ya barua ndiyo inayohesabika, si tarehe ya kupokea. Hati ya kukiri wameiahirisha hadi siku ya kukabidhi.

Nimelia kidogo, si kwa huzuni. Msimamizi wangu ndiye aliyepeleka barua yangu juu na kusimama nayo.

---

Kondele_Moja · saa 1:50 usiku

Hongera dada! Lakini tarehe ya barua inahesabikaje wakati ilikuwa kwenye droo yao siku 10? Hiyo tofauti ya Sh11,636 ya kigawanyo pia usiiache.

---

Mama_Rejista · saa 2:15 usiku

Nimefurahi sana mwanangu. Notisi ni notisi ikimfikia mtu, na kwa maoni yangu hoja yao ni dhaifu. Lakini fidia yake ni kiasi gani, mwezi mzima au zile siku zilizopungua tu, hapo mimi na wewe tunaweza kubishana hadi asubuhi. Afisa wa leba Kisumu anaweza kuwaita mkae meza moja bila gharama ya wakili. Nenda na mkataba, barua, picha ya daftari na majibu yao ya leo. Kigawanyo mwulize hapo hapo.

---

Nyar_Ahero · saa 2:21 usiku

Nitakwenda Jumatatu. Swali la mwisho: rasimu ya cheti cha utumishi waliyonionyesha inasema nilimaliza 30 Juni 2025. Niwaache?

---

Mama_Rejista · saa 2:24 usiku

Usiwaache. Sasa una barua ya kuongezewa muda, kwa hiyo tarehe ya kumaliza ni 11 Julai. Waambie wabadilishe kabla hawajapiga muhuri.